Kwenye daftari nina faida kila mwaka, lakini Novemba na Desemba natembea na bakuli. Bajeti ya fedha inakaaje?

#1 Jora la Bluu
Wakuu, salamu. Nashona sare za shule na kuziuza kwa jumla na rejareja. Msimu wangu ni Desemba na Januari, hapo ndipo mwaka mzima unapoamuliwa. Mwanangu amenipigia hesabu ya msimu ujao, kuanzia Septemba hadi Machi: mauzo milioni 107, vitambaa na vifungo nusu ya hiyo, mafundi milioni 15.5, pango na umeme milioni 7. Inabaki faida ya milioni 31. Sasa nimekwenda kuomba mkopo, nikaambiwa nilete bajeti ya fedha ya mwezi kwa mwezi, nionyeshe ni mwezi gani nitakwama na kwa kiasi gani. Nimewaonyesha hiyo faida, wakairudisha. Kama faida ipo, hilo karatasi jingine la nini?

#2 Kaunta Moja
Nimeweka kambi hapa, nami nimerudishwa na karatasi kama hilo.

#3 Dogo Hesabu
Mkuu, rahisi sana. Chukua hiyo milioni 31, gawa kwa miezi 7, utapata kama milioni 4.4 kila mwezi. Toa uchakavu wa cherehani. Kinachobaki ndicho uwezo wako wa kulipa rejesho.

#4 Mzee Leja
Dogo, hapana. Uchakavu hautoki mfukoni, hakuna anayekuja dukani kudai uchakavu. Unakaa kwenye hesabu ya faida, kwenye bajeti ya fedha haumo kabisa. Kinachoingia humo ni hela ya kununulia cherehani, tena yote, mwezi ule unapoilipa. Na kugawa kwa 7 ndiko kunakomuua mtu wa msimu, maana kunaficha kile kile benki inachotaka kukiona.

Jora la Bluu, nijibu manne. Wateja wanalipa lini? Kitambaa unakilipia lini ukilinganisha na siku ya kukiuza? Septemba mosi utakuwa na shilingi ngapi mkononi, namaanisha hela, siyo mzigo? Kuna kitu kikubwa unanunua katikati?

#5 Jora la Bluu
Shikamoo mzee. Nusu ya mauzo ni taslimu. Nusu ni shule na maduka, hao hulipa mwezi unaofuata. Majora naagiza miezi miwili kabla ya kuuza ili mafundi wapate muda, na msambazaji ananipa siku 30, kwa hiyo namlipa mwezi mmoja kabla sijauza. Mkononi nitakuwa na milioni 6. Oktoba nataka ovaloki mpya, milioni 3.

Mauzo ninayotarajia: Agosti 4, Septemba 4, Oktoba 6, Novemba 10, Desemba 30, Januari 40, Februari 12, Machi 5. Aprili tunarudi kwenye 4. Mafundi: 1.5, 2, 4, 4, 2, 1, 1 kuanzia Septemba. Pango na umeme 1 kila mwezi. Zote milioni.

#6 Mama Pembejeo
Hapo tayari nimeshaona. Mwenye kitambaa anakula kabla hujauza, shule inalipa baada ya kuuza. Wewe umekaa katikati ya hao wawili unawafadhili wote.

Mimi nauza mbegu na mbolea, hali ni ile ile, ila mdaiwa wangu anasubiri mvua na mavuno. Nikiona mwaka nimeuza sana ndipo naishiwa zaidi.

#7 Mzee Leja
Marahaba. Mama Pembejeo kamaliza nadharia yote, mimi naweka namba tu. Kanuni ni moja: kila kiasi kikae kwenye mwezi ambao hela inagusa mkono, si mwezi wa mauzo. Desemba unauza milioni 30, lakini inayoingia ni 15 ya taslimu na 5 ya wadaiwa wa Novemba, basi 20. Na Desemba hiyo hiyo unalipia kitambaa cha Januari, yaani nusu ya 40.

```
            Sep   Okt    Nov    Des   Jan   Feb   Mac
Kuingia     4.0   5.0    8.0   20.0  35.0  26.0   8.5
Kitambaa    3.0   5.0   15.0   20.0   6.0   2.5   2.0
Mafundi     1.5   2.0    4.0    4.0   2.0   1.0   1.0
Pango n.k.  1.0   1.0    1.0    1.0   1.0   1.0   1.0
Ovaloki      -    3.0     -      -     -     -     -
Tofauti    -1.5  -6.0  -12.0   -5.0  26.0  21.5   4.5
Mwisho      4.5  -1.5  -13.5  -18.5   7.5  29.0  33.5
```

Soma mstari wa mwisho peke yake. Oktoba unaanza kuzama, Desemba unafika chini kabisa, Januari unaibuka. Angalia na jambo jingine: Desemba unauza mara tatu ya Novemba, na bado ndiyo mwezi wenye shimo refu kuliko yote. Hilo ndilo karatasi la faida lisingekuonyesha hata ulikodolee macho hadi asubuhi.

#8 Kaunta Moja
Mzee, kwani mkopo wenyewe si unaingia kwenye mstari wa Kuingia? Akikopa 20 Novemba, basi haendi hasi tena.

#9 Mzee Leja
Ndiyo maana sijauweka. Kwanza unaacha bajeti izame yenyewe uone kina cha shimo. Ukiweka mkopo mapema unajificha jibu. Mkopo, marejesho na riba vinakaa chini ya mstari huo, sehemu yao. Ukiuchanganya na makusanyo ya wateja, mwakani utasahau ulikuwa mkopo na utadhani ulikusanya vizuri.

#10 Nguzo Tatu
Tuanze na ovaloki. Mtu anakwenda kuzama halafu njiani anajifunga jiwe la milioni 3. Isogeze Februari, Desemba inakuwa hasi 15.5 badala ya 18.5. Umepunguza mkopo bila kuomba mtu.

#11 Jora la Bluu
@Nguzo Tatu ovaloki ni ya kushonea huo msimu, nikinunua Februari nitashona nini? Ya sasa inaruka nyuzi.

#12 Nguzo Tatu
Kodisha miezi miwili, au itengenezwe. Au lipa kwa awamu. Ila usiilipe yote Oktoba.

#13 Kaunta Moja
Swali la pembeni: bosi, wewe na familia mnakula nini kuanzia Septemba hadi Machi? Mbona kwenye jedwali hamumo?

#14 Jora la Bluu
Hahaha. Natoa droo, kama milioni 1 kwa mwezi. Ila hiyo si gharama ya biashara.

#15 Mzee Leja
Faida haiijui, lakini bajeti ya fedha inaijua. Iwekwe. Tukisogeza ovaloki kama alivyosema Nguzo Tatu na kuongeza milioni 1 yako ya kila mwezi, tunarudi palepale: Oktoba hasi 0.5, Novemba hasi 13.5, Desemba hasi 19.5. Januari unafunga na 5.5, Februari 23 baada ya kununua ovaloki, Machi 26.5.

Kaunta Moja, swali lako lilikuwa zuri kuliko la #8.

#16 Kaunta Moja
Nimepokea, mzee 😂

#17 Dogo Hesabu
Basi jibu limepatikana. Mkopo milioni 20, miezi 6, achukue Oktoba. Tufunge uzi.

#18 Dawati la Mikopo
Msifunge. Nimekaa upande wa pili wa meza miaka mingi na hapa ndipo watu wanapoumia. Mkopo wa miezi 6 wenye marejesho sawa ukiuchukua Oktoba, rejesho la kwanza ni Novemba. Milioni 20 kwa 6 ni kama 3.3 kila mwezi kabla ya riba. Novemba na Desemba atarudisha 6.6, yaani anapofika kwenye shimo la 19.5 mkononi amebaki na 13.4 ya ule mkopo. Amekopa kufukia shimo, na mkopo wenyewe umelichimba.

Biashara ya msimu inataka ovadrafti, unachota unapopungukiwa na riba inahesabiwa kwenye ulichochota tu, au mkopo ambao mtaji wake unarudishwa mara moja au mbili msimu ukiiva. Kwa jedwali hili ningeandika marejesho mawili: mwisho wa Januari na mwisho wa Februari. Anayesoma maombi haangalii ukubwa wa faida yako kwanza. Anatafuta safu ambayo hela ya kumlipa inatokea, na anaona kama tarehe ya mkataba inakutana nayo.

#19 Jora la Bluu
Kwa nini si Januari yote? Inaingia 35.

#20 Dawati la Mikopo
Kwa sababu ndani ya hiyo 35 kuna 15 ya shule ulizouzia Desemba kwa mali kauli. Jaribu: shule zichelewe mwezi mmoja tu, zikulipe Februari. Januari inaingia 20 badala ya 35, unafunga mwezi na hasi 9.5. Mkataba unasema ulipe yote tarehe 31, huna. Faini inaanza, na hakuna aliyekuibia wala biashara haijaharibika. Umechagua tarehe mbaya tu.

#21 Mama Pembejeo
Shule kuchelewa mwezi mmoja ni heshima hiyo. Wangu mmoja alinilipa msimu wa pili, tena kwa maneno mengi. Ndiyo maana sasa nachukua amana. Mwenye kuagiza sare za shule nzima atoe asilimia 30 kwanza. Wewe hujaweka hata senti ya amana humo, unajitakia shimo.

#22 Jora la Bluu
Dada, nikidai amana wanahamia kwa jirani anayeshona bila amana.

#23 Mama Pembejeo
Na huyo jirani naye Desemba anatafuta mkopo, muulize.

#24 Mzee Leja
Nilitaka kulala lakini kuna jambo linanikera kwenye jedwali langu mwenyewe. Hizo ni namba za mwisho wa mwezi. Mwezi una siku 30 na shimo halisubiri tarehe 31. Jora la Bluu, msambazaji anadai tarehe ngapi? Na Desemba wateja wa taslimu wanakuja lini?

#25 Jora la Bluu
Msambazaji tarehe 5, hana mzaha. Maduka ya Novemba yanalipa katikati ya mwezi. Wa taslimu, kusema kweli, duka linajaa kuanzia tarehe 20. Kabla ya hapo ni mmoja mmoja.

#26 Mzee Leja
Basi shika kiti. Novemba unafunga na hasi 13.5. Tarehe 5 Desemba unamlipa msambazaji 20, na hujaingiza kitu cha maana. Asubuhi hiyo uko hasi 33.5. Siyo 19.5. Halafu katikati ya mwezi inaingia 5, baada ya tarehe 20 inaingia 15, mwisho wa mwezi unalipa mafundi, pango na droo yako, jumla 6, ndipo unafika kwenye ile 19.5 tuliyoikubali sote.

Ukiomba ovadrafti yenye ukomo wa milioni 20 kwa kufuata jedwali la mwezi, hundi ya tarehe 5 itarudi ukiwa na upungufu wa zaidi ya 13. Na jedwali lako litakuwa halina kosa hata moja la kujumlisha. Kwa Novemba na Desemba gawa safu kwa wiki. Miezi mingine iache kwa mwezi, hakuna haja ya kujichosha.

#27 Dogo Hesabu
Duh. Nimeirudia kwenye simu, inatoka 33.5 kweli.

#28 Nguzo Tatu
Hapa sasa dawa si benki, ni msambazaji. Jora zote za Januari za nini kuingia kwa mkupuo mmoja? Mwambie alete nusu mapema, nusu baadaye, ili tarehe 5 ulipe 10 na tarehe 25 ulipe 10. Tarehe 5 unakuwa hasi 23.5. Kufikia tarehe 25 zile 5 za maduka zimeingia na wa taslimu wameshaanza kuja.

#29 Dogo Hesabu
Au amlipe msambazaji taslimu kabisa apate punguzo. Kwa mfano punguzo asilimia 3, riba ya benki asilimia 2 kwa mwezi. Anakopa kwa 2 anaokoa 3. Anapata faida kwa kukopa.

#30 Dawati la Mikopo
Hesabu ya asilimia iko sawa, dogo, na punguzo kama hilo lipo kwa wasambazaji wengi. Lakini kulipa siku 30 mapema kunasogeza ile 20 kutoka Desemba hadi Novemba, juu ya 15 iliyokuwapo. Shimo linaanza mapema na linakaa muda mrefu. Kama ukomo wako hautoshi, asilimia 1 hiyo huioni. Siku 30 za msambazaji ni mkopo pia, ila hauandikwi mkopo.

#31 Kaunta Moja
Mimi naona tatizo liko kwingine kabisa na mnalizunguka kwa adabu. Machi anafunga na 26.5. Aprili hadi Agosti anauza 4 kwa mwezi na kutumia kama 4, droo 1. Agosti ikiisha anatakiwa awe na kama 21. Kasema ataanza na 6. Ile 15 huwa inakwenda wapi?

#32 Mama Pembejeo
Eeeh! Kumbe Kaunta Moja anasoma.

#33 Jora la Bluu
Msimu uliopita haukuwa mkubwa hivi, niliuza kama nusu. Msilinganishe. Na kulikuwa na mambo.

#34 Nguzo Tatu
Mambo yana ukuta au yana matairi?

#35 Jora la Bluu
Kiwanja. Bei ilikuwa nzuri, kingeondoka. Na ardhi haishuki bei.

#36 Kaunta Moja
Simkatazi mtu kiwanja. Nasema tu, hela ya Februari ndiyo kitambaa cha Novemba. Ukiizika ardhini, unakwenda kuikodi benki.

#37 Dawati la Mikopo
@Kaunta Moja nusu nakubali. Tuseme 15 yote ingebaki. Mwisho wa Desemba angekuwa hasi kama 4 tu. Lakini tarehe 5 bado angekuwa hasi 18 na ushee. Kwa hiyo hata mtu mwenye nidhamu ya mtawa angehitaji ovadrafti ya wiki chache. Na hela kukaa tu tangu Machi hadi Oktoba ikingoja jora, hiyo nayo ina gharama yake. Kukopa kwa msimu siyo aibu, kuna biashara nzuri zinaishi hivyo miaka yote. Cha kuepuka ni ovadrafti isiyorudi sifuri hata mara moja kwa mwaka. Hiyo sisi tukiiona tunajua siyo ya msimu tena, ni hasara imevaa koti.

#38 Mzee Leja
Mimi nipo karibu na Kaunta Moja kuliko Dawati. Mwenye hela yake hababaishwi na tarehe ya mtu. Ila tusigombane, hesabu ni ya mwenye biashara.

#39 Mshonaji Mpya
Habari zenu. Nimesoma haraka haraka. Naomba kujua ovaloki nzuri ni ya nyuzi tatu au nne kwa sare?

#40 Nguzo Tatu
😂😂 Nne kwa kuunganishia, mshono unashika. Fungua uzi wako dada, hapa kuna mtu anazama.

#41 Jora la Bluu
Nimeongea na msambazaji leo. Anakubali mikupuo miwili, ila mzigo wa pili bei inapanda kidogo na nilipie usafiri. Shule moja imekubali amana ya asilimia 20, nyingine zimesema zitafikiria. Jedwali jipya naliandaa kwa wiki. Swali: niweke mauzo yale yale ya 30 na 40, au nipunguze kidogo nisionekane mwongo?

#42 Dawati la Mikopo
Peleka mawili. La kwanza kama unavyoamini. La pili mauzo ya Desemba na Januari yameshuka asilimia 20, lakini kitambaa kiache pale pale, maana utakuwa umeshakinunua. Watu wengi wanashusha vyote viwili na jedwali linatoka zuri kwa uongo. Ukomo uombe kutokana na la pili, na uache nafasi kidogo juu yake.

#43 Dogo Hesabu
Na riba aiweke safu ya mwezi gani? Anapochota au anapolipa?

#44 Mzee Leja
Inapokatwa kwenye akaunti, na ovadrafti kwa kawaida hukatwa kila mwezi. Umeanza kuelewa, dogo.

#45 Mama Pembejeo
Jora la Bluu, zile shule zinazofikiria zipe tarehe ya mwisho. Usianze kukata kitambaa chao wakiwa bado wanafikiria.

#46 Jora la Bluu
Moja nimeshaanza kukata dada. Mkuu wa shule ni shemeji yangu.

#47 Kaunta Moja
Shemeji mweke safu ya Machi.